Kuhusu ile ya kuunganisha karakana

Kaka shikamoo, poleni na joto la Keko. Ile ishu yako ya tuunganishe karakana zetu nimeikalia wiki nzima, nikaongea na waifu na vijana wangu, na kusema ukweli kaka mi sitaweza. Hesabu zako ziko sawa sikatai, kodi ya fremu moja badala ya mbili ni hela, ila bado nina marejesho ya vikoba na sitaki deni langu likukute wewe, halafu we unauza jumla, mi wateja wangu ni wa sofa za oda, wanataka wanione mimi mwenyewe (wasumbufu hao, unawajua). Oda ikinizidi ntakuletea kama kawaida, na randa ukiihitaji tuma kijana tu aichukue. Asante kwa kuniamini kaka, msalimie shemeji.