YAH: MADAI YA POSHO YA UHAMISHO NA MALIMBIKIZO YA MSHAHARA

Shule ya Msingi Nakipunde,
Mkoa wa Lindi.
9 Septemba 2024

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya,
Mkoa wa Lindi.

Kupitia: Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi Nakipunde
Kupitia: Afisa Elimu Kata
Kupitia: Afisa Elimu Awali na Msingi

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu ngazi ya mshahara TGTS E. Cheki namba yangu imo kwenye hati ya mshahara, Kiambatisho A. Kwa barua ya ofisi yako ya tarehe 4 Machi 2024 (Kiambatisho B) nilihamishwa kutoka Shule ya Msingi Mtopwani kuja Shule ya Msingi Nakipunde. Niliripoti tarehe 25 Machi 2024, na fomu ya kuripoti iliyosainiwa na Mwalimu Mkuu ni Kiambatisho C.

Naomba jambo moja lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu ndilo lililokwamisha jalada langu mara ya kwanza. Uhamisho huu sikuuomba. Aya ya pili ya barua ya uhamisho inasema wazi kuwa nimehamishwa "kwa maslahi ya umma" ili kuziba pengo la walimu wa madarasa ya awali. Kwa hiyo siingii kwenye kundi la watumishi waliohama kwa ombi lao wenyewe, ambao hujigharamia. Katika rejista ya madai ya mwezi Aprili jina langu liliandikwa kwenye kundi hilo, na ndiyo maana halikupelekwa kwa Mkaguzi wa Ndani kuhakikiwa. Naomba rejista irekebishwe kwanza. Bila hivyo yote yanayofuata hayatakuwa na pa kusimamia.

Kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, madai yangu ya uhamisho ni haya:

Posho ya usumbufu, asilimia 10 ya mshahara wa msingi wa mwaka: 990,000 × 12 × 10% = Sh 1,188,000

Posho ya kujikimu, siku 14: mimi Sh 1,400,000, mwenza Sh 1,400,000, watoto wawili kwa nusu ya kiwango, Sh 700,000 kila mmoja. Jumla Sh 4,200,000

Nauli: watu wazima wawili kwa Sh 16,000 na watoto wawili kwa Sh 8,000 = Sh 48,000

Kusafirisha mizigo ya nyumbani, isiyozidi tani 3 = Sh 650,000

Jumla: Sh 6,086,000
Nilichokwisha kulipwa tarehe 18 Machi 2024: Sh 1,500,000
Ninachodai: Sh 4,586,000

Kuhusu posho ya usumbufu, karatasi ya hesabu niliyoonyeshwa mwezi Aprili ilitumia mshahara wa Sh 806,000 na kupata Sh 967,200. Huo ulikuwa mshahara wangu hadi Februari. Nimehama Machi, na hati ya mshahara ya Machi inaonyesha Sh 990,000. Tofauti ni Sh 220,800, na chanzo chake ni kuchukua hati ya mwezi uliotangulia badala ya hati ya mwezi wa uhamisho.

Katika posho ya kujikimu, mwenza na watoto waliachwa kwa maelezo kwamba hakuna uthibitisho. Sasa naambatisha cheti cha ndoa (Kiambatisho D) na vyeti vya kuzaliwa vya RITA vya watoto wote wawili, wenye umri wa miaka 11 na 7 (Kiambatisho E). Mwenza wangu si mtumishi wa umma, kwa hiyo hakuna ofisi nyingine inayomlipa posho hiyo. Mwenyekiti wa kijiji ameandika kuthibitisha kuwa familia nzima ilifika nami na inaishi hapa kituoni (Kiambatisho F). Nimeiweka barua hiyo kwa sababu mkaguzi huuliza kama familia ilihama kweli au imebaki mjini.

Mizigo ilipakiwa kwenye Fuso, na risiti ya EFD ya Sh 650,000 yenye jina langu ni Kiambatisho G. Sehemu kubwa ya safari ni barabara ya udongo ya Nangurukuru hadi Liwale, na masika yalikuwa yameshaanza. Gari lilizama kwenye tope kabla ya kufika kijijini. Vitanda, kabati na magunia ya vitabu vilihamishiwa kwenye tela la trekta kwa Sh 80,000. Mwenye trekta hana mashine ya EFD, alinipa karatasi ya mkono tu. Fedha hiyo sikuiingiza kwenye jumla, ili dai zima lisirudishwe kwa sababu ya kipengele kimoja.

Dai la pili ni malimbikizo ya mshahara. Naliandika kwenye barua hii hii kwa kuwa jalada ni moja, lakini natambua kuwa njia yake ya malipo ni tofauti: posho hulipwa na Halmashauri, malimbikizo hupitia mfumo wa mishahara na kulipwa na Hazina.

Nilipandishwa cheo kutoka TGTS D kwenda TGTS E kuanzia tarehe 1 Julai 2023 (barua ya cheo, Kiambatisho H). Mshahara mpya ulianza kulipwa Machi 2024. Miezi minane, Julai 2023 hadi Februari 2024, nililipwa mshahara wa zamani:

990,000 − 806,000 = 184,000
184,000 × 8 = Sh 1,472,000 kabla ya makato

Hati za mshahara za miezi yote minane ni Kiambatisho I. Mfumo haukuzalisha malimbikizo haya wenyewe kwa sababu tarehe ya kuanza kutumika kwa cheo iliingizwa kuwa 1 Machi 2024, yaani mwezi wa malipo, badala ya 1 Julai 2023 iliyo kwenye barua. Kwa tarehe hiyo mfumo unaona kuwa sidai chochote, na kusubiri hakutabadilisha hilo. Pamoja na fedha yenyewe, michango yangu ya PSSSF ya miezi hiyo ilikatwa kwa mshahara mdogo, jambo linalogusa pensheni yangu.

Kwa hiyo naomba ofisi yako:

Kwanza, irekebishe rejista kuonyesha kuwa nimehamishwa na mwajiri, na impatie Mkaguzi wa Ndani jalada langu kwa uhakiki. Mwaka wa fedha 2023/24 ulifungwa tarehe 30 Juni dai likiwa halijahakikiwa. Naomba liingizwe kwenye orodha ya madeni ya kulipwa mwaka 2024/25.

Pili, imwelekeze Afisa Utumishi kusahihisha tarehe ya cheo na kuwasilisha malimbikizo Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, kwa idhini.

Tatu, inijibu kwa maandishi kiasi kilichokubaliwa katika kila kipengele, na sababu pale kitakapopunguzwa. Kutoka hapa hadi makao makuu ya wilaya ni safari ya siku nzima, na kila ninapokwenda kuulizia, watoto 94 wa darasa la awali na la kwanza hubaki bila mwalimu, kwani madarasa yote mawili nayafundisha mimi.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwl. Somoe Hamisi Likwata

Nakala: Tume ya Utumishi wa Walimu, Ofisi ya Wilaya
Nakala: Katibu wa Chama cha Walimu Tanzania, Wilaya
Nakala: Jalada