Kisima cha Kabeza

Igizo la dakika kumi kwa tamasha la maigizo ya shule, Kigoma

WAHUSIKA: Bibi, mchuuzi wa dagaa. Kabeza. Butoyi, mkewe. Bukuru, pacha wa Butoyi. Kundi la watoto wanane: ndio wasikilizaji, ndio sauti ya kisima, ndio maji.

VIFAA: Karai moja, ungo mbili, mkeka, meza imara, ngoma, mtama kilo moja, vitenge sita vya buluu vilivyoshonwa kuwa shuka moja refu. Karabai ya mafuta marufuku jukwaani. Tochi ndani ya kopo la maziwa inatosha.

KWA MWALIMU ATAKAYEONGOZA: Simulizi hii ya Ujiji, ya kisima cha siri kilichofurika kikawa Ziwa Tanganyika mke alipomwonesha mtu wa nje, iliandikwa na msafiri Henry Stanley kwenye kitabu chake cha 1878. Kwake, aliyeoneshwa kisima ni hawara wa yule mke. Nimemwondoa, na si kwa sababu ya umri wa wanafunzi peke yake: hawara humfanya mwanamke aonekane mbaya tangu mwanzo, na hapo mtazamaji anaacha kumhangaikia. Pacha ni mtihani mgumu zaidi. Bukuru na Butoyi ni majina ya mapacha huku kwetu, kwa hiyo watazamaji wataelewa kabla hamjawaeleza.

ONYESHO LA KWANZA

(Ufukwe wa Kibirizi, magharibi inaingia. Bibi anachambua dagaa kwenye ungo. Watoto wanamzunguka.)

BIBI: Paukwa!

WATOTO: Pakawa!

BIBI: Hadithi hadithi!

WATOTO: Hadithi njoo!

MTOTO WA 1: Bibi, mwalimu kasema ziwa letu kina chake ni mita 1,470.

BIBI: Huyo mwalimu alipiga mbizi?

MTOTO WA 2: Kasema limepatikana ardhi ilipopasuka.

BIBI: Hapo kasema kweli. Hakuwaambia ilipasuka kwa nini? (Anaweka ungo chini.) Zamani hapa palikuwa bonde kavu. Mtu na mkewe. Na kisima kisichozidi karai hili.

(Watoto wanakaa kuzunguka karai. Mmoja anatikisa mtama kwenye ungo wa pili, polepole. Sauti hiyo ni maji, isikatike hadi Onyesho la Tatu.)

ONYESHO LA PILI

(Kabeza anafunga kirago. Butoyi anafunika karai kwa ungo.)

KABEZA: Chumvi iliyobaki haiungi hata chungu kimoja. Naenda Uvinza.

BUTOYI: Malagarasi imejaa, mume wangu.

KABEZA: Wavushaji wapo. Mwezi ukiandama tena, nitakuwa hapa mlangoni. Na kisima?

BUTOYI: Nachota alfajiri, nafunika. Samaki mmoja kwa siku.

KABEZA: Akija mgeni?

BUTOYI: Atakula.

KABEZA: Ale ashibe. Asione tu. Babu alimwambia baba, baba akaniambia: siku jicho la nje likikiona, si chetu tena.

BUTOYI: Nimeapa mara ngapi, Kabeza?

KABEZA: (Anacheka.) Leo ya tatu.

(Anazunguka jukwaa na mzigo. Watoto wanaimba kwa kupokezana, wakipiga makofi.)

Chumvi iko wapi? — Uvinza!
Katikati nini? — Malagarasi!
Nyumbani nani? — Butoyi!
Na mdomo wake? — Ameufunga!

ONYESHO LA TATU

BUKURU: (Nje.) Hodi wenyewe!

BUTOYI: Karibu... Bukuru! Kaka yangu!

(Wanakumbatiana, wanazungushana. Anamkalisha mkekani, anamnawisha mikono, anamtengea ugali wa muhogo na samaki wa mawese.)

BUKURU: Shemeji yuko wapi?

BUTOYI: Kafuata chumvi. Kula, umetoka mbali.

BUKURU: (Anakula. Anasita.) Dada, nimetembea bonde zima. Sijaruka hata kijito.

BUTOYI: Kiangazi hicho.

BUKURU: Wavu sijauona. Mtumbwi sijauona. Na huyo mwenzake pale pembeni bado anatupa mkia.

BUTOYI: Ugali unapoa, kaka.

BUKURU: Butoyi. Miezi tisa tumebanana tumbo moja. Mama alipokuwa na kanga moja, tulijifunika wote wawili. Leo unanificha samaki?

BUTOYI: Nimeapa.

BUKURU: Kwangu?

BUTOYI: Kwa mume wangu.

BUKURU: (Anasogeza chakula taratibu.) Basi nimeshiba.

(Kimya. Mtama tu unasikika. Waigizaji watatamani kukikatisha kimya hiki, msiwaruhusu; Butoyi ahesabu nane moyoni, akitazama chakula, kisha kaka yake, kisha chakula. Igizo lote liko hapa.)

BUTOYI: Ukiona, hutagusa?

BUKURU: Macho yana mikono?

(Butoyi anafunua. Watoto, vidole vikichezacheza juu ya karai, wanakuwa samaki. Bukuru anapiga magoti.)

BUKURU: Wanang'aa... Dada, hii ni fedha yenye mapezi.

BUTOYI: Umeona. Nafunika.

BUKURU: Huyu mmoja tu. Huyu anayenitazama.

(Anamshika. Ngoma, pigo moja. Mtama unanyamaza.)

WATOTO: (Kwa kunong'ona.) Tumeonwa.

BUTOYI: Mrudishe!

WATOTO: (Kwa sauti.) Tumeguswa.

(Ngoma inakimbia. Shuka la buluu linachomoka chini ya mkeka, linapanda mapajani, kifuani. Butoyi anajaribu kufunika maji kwa ungo: hapa, pale, hapa tena. Watazamaji wengine watacheka. Waacheni wacheke, watanyamaza wenyewe.)

BUKURU: Butoyi, niachie huo ungo, nipe mkono!

BUTOYI: Nifunike kwanza! Nifunike tu!

(Anamgeukia kaka yake. Wanashikana chini ya kitenge kama watoto wawili na kanga moja. Shuka linawafunika. Ungo unabaki juu.)

ONYESHO LA NNE

(Kabeza juu ya meza, ndio kilima. Mzigo wa chumvi kichwani. Maji yanapumua taratibu, mtama unarudi.)

KABEZA: Nimepotea njia. (Anageuka.) Hapana. Kile ni kilele cha mchikichi wangu. (Anaita.) Butoyi! Mwezi umeandama!

(Watoto wanausogeza ungo juu ya shuka hadi miguuni pake. Anauokota kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mzigo. Anautazama upande wa ndani, anatoa gamba moja la samaki, analiweka kiganjani.)

KABEZA: Alikuwa nani, mke wangu, hata ukashindwa?

(Hajibiwi. Anaurudisha ungo majini kwa upole, anageuka, anaondoka na chumvi yake kichwani.)

(Kibirizi. Giza. Bibi anakusanya dagaa waliobaki.)

MTOTO WA 1: Bibi, alikwenda wapi?

BIBI: Alikotoka. Huku hapakuwa na mlango.

MTOTO WA 2: Na ile chumvi?

BIBI: Onja maji.

(Mtoto anachovya kidole, analamba.)

MTOTO WA 2: Hayana chumvi.

BIBI: Basi hakuutua mzigo.

(Watoto wanawasha tochi moja moja ndani ya makopo, mbali nyuma ya shuka: karabai za wavuvi. Mtama unaendelea mpaka taa ya mwisho iwake.)

MTOTO WA 1: Bibi, wameanza kuvua.

BIBI: Nileteeni ungo wangu.