Daftari za Mzee Kipyenga

Watu wa Ngamiani, Tanga, walikuwa wamesahau jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Mzee Kipyenga. Alichezesha ligi kuanzia 1981 hadi 1997, enzi za chama cha soka cha FAT, refa akisafiri kwenye basi moja na mashabiki watakaomtukana kesho yake. Sifa yake ilifika hadi Bukoba: huyu hali bahasha. Kiongozi mmoja aliwahi kumwachia bahasha chini ya mto kwenye nyumba ya wageni. Mzee akaibeba mpaka uwanjani, akamkabidhi kamisaa wa mechi huku manahodha wote wawili wakiangalia.

Kwa hiyo alipoombwa kuzungumza na vijana wa kozi ya uamuzi, hakuhitaji kufikiria sana. Angewaeleza habari ya haki, kisha awaonyeshe ushahidi. Akampigia simu mjukuu wake Zuhura, mkaguzi wa hesabu kwenye halmashauri.

"Mke wangu, Jumapili njoo unikague."

"Nikikukuta na hoja je, mume wangu?"

"Hutanikuta nayo."

Ushahidi ulikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda: kaunta buku kumi na moja, katikati yake majani makavu ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Usiku wa kila mechi, kabla hajala, Mzee aliketi na washika vibendera wake wakaandika faulo zote walizozikumbuka. Dakika. W kwa wenyeji, G kwa wageni. Namba ya mchezaji, mahali, uamuzi. Aliandika hata zile alizoziacha, na sababu ya kuziacha, jambo ambalo sidhani refa mwingine yeyote alikuwa na subira nalo. Juu ya ukurasa aliandika hali ya majukwaa kwa neno moja: tele, nusu, au haba.

Mechi 212. Zuhura alizichukua zote akaenda kuziingiza kwenye kompyuta, na hakuonekana Jumapili mbili zilizofuata.

Aliporudi, alianza na habari njema, kama wakaguzi wanavyofanya. Faulo dhidi ya wenyeji zilikuwa 2,904, dhidi ya wageni 3,051.

"Si nilikwambia?" Mzee alisema. "Tofauti hiyo ni ya vumbi tu."

"Penalti, Babu. Umetoa 61. Wenyeji wamepata 44, wageni 17."

Mzee hakutikisika. Wenyeji ndio wanaoshambulia, alisema. Mgeni anakuja kutafuta sare, anajaza watu nyuma, na anayeshinda kwenye boksi lake kutwa nzima lazima afanye madhambi humo. Hoja ilikuwa nzuri, na Zuhura aliikubali. Ndiyo maana, alisema, alizigawa upya kwa lile neno la juu ya ukurasa.

Majukwaa yakiwa haba: wenyeji 6, wageni 5. Yakiwa nusu: 7 kwa 5. Yakiwa tele: 31 kwa 7.

Mzee akaomba miwani. Alisoma karatasi yote, akaigeuza nyuma ambako hakukuwa na kitu, akairudisha.

"Nani alikwambia uangalie watu? Mimi niliandika watu kwa ajili ya kumbukumbu ya mapato."

"Uliandika, nikahesabu."

"Basi umehesabu Mkwakwani. Mimi ni mtu wa Tanga, inawezekana damu ilinivuta kidogo. Toa mechi za Tanga uone."

Alikuwa ameshazitoa. Picha haikubadilika. Kirumba, Sokoine, Kaitaba, kote ilikuwa vilevile. Kibaya zaidi, timu za Tanga zilipokuwa ugenini Mwanza na akapangiwa kuzichezesha yeye, jambo ambalo siku hizi lingezua kelele, aliziumiza kama wageni wengine wote. Maisha yake yote Mzee alijilinda asiipendelee Tanga. Alifaulu. Alimpendelea yeyote mwenye uwanja.

"Kwa hiyo mimi mwizi," alisema.

"Sijaandika hivyo."

"Wakaguzi hamuandiki. Mnasema 'kuna dosari'."

Bibi alileta chai na mihogo ya kukaanga, akaona nyuso zao, akairudisha chai jikoni ipate moto tena.

Zuhura alifungua daftari la 1989 alipokuwa ameweka alama. Songea, uwanja wa Majimaji, wageni kutoka Morogoro. Hali ya majukwaa: tele. Hakusoma kwa sauti. Aliweka kidole mstari wa kwanza, kisha wa pili, Mzee asome mwenyewe.

*Dk 31. Boksi la W. Namba 6 wa W kamgonga mshambuliaji wa G kwa bega, kaanguka. Nimeacha. Bega kwa bega, mpira wa kiume.*

*Dk 88. Boksi la G. Namba 4 wa G kamgonga mshambuliaji wa W kwa bega, kaanguka. Penalti. Kamsukuma.*

Mwandiko mmoja, kalamu moja, usiku mmoja. Mzee alirudia kusoma, midomo ikicheza.

"Hii ya pili ilikuwa nzito zaidi," alisema. Kisha: "Nadhani." Kisha akamwambia Zuhura atafute simu.

Namba 4 alikuwa Morogoro bado, akiuza vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Walikutana msibani miaka michache nyuma, wakapeana namba. Mzee aliweka spika ili mjukuu asikie, labda akitarajia kutetewa.

"Refa! U mzima?"

"Mzima. Nikuulize. Songea, tisini kasoro moja. Dakika ya themanini na nane."

Upande wa pili pikipiki ilinguruma, mtu akaambiwa aizime.

"Nilimgonga bega."

"Hukumsukuma?"

"Mikono nilikuwa nimeifunga nyuma, refa. Kocha alituamuru."

"Alikuamuruni lini?"

"Asubuhi, kwenye chai. Alisema leo tuna Kipyenga. Kipindi cha kwanza chezeni mpira wenu, mtu hana hila. Ila ikifika dakika ya sabini, uwanja umejaa na wao hawaongozi, asiguswe mtu ndani ya boksi, hata akiomba. Mikono nyuma."

"Kwa nini hamkunishtaki?"

"Tukushtaki kwa lipi? Bahasha ulikuwa huli. Wenzako waliokula tulijua bei yao, tulijipanga. Wewe tulikuwa tunajipangia kelele." Akacheka, bila chuki yoyote. "Makocha wote walijua, mzee wangu. Nilidhani na wewe unajua."

Zuhura alimtazama babu yake. Mzee alikuwa ameshika daftari kwa mikono yote miwili.

"Mlipoteza nini siku ile?" aliuliza.

"Pointi. Na bonasi ya sare ugenini, shilingi mia tano kila mtu. Nilikuwa nimeshaikopea sukari."

"Nitakutumia."

"Mia tano ya leo ni ya pipi tu, refa! Ya mwaka ule ilikuwa hela." Pikipiki ikawashwa tena. "Na uongeze ya kutolea."

Simu ilipokatika, Mzee alimuuliza Zuhura kama kompyuta yake inaweza kupiga hesabu ya shilingi mia tano za 1989 kwa thamani ya sasa. Inaweza, alisema. Na wachezaji kumi na mmoja? Inaweza pia, ila mechi ziko nyingi, Babu, na pensheni ni moja.

"Basi Songea tu," alisema Mzee. "Na ile karatasi ya tele na haba, niandikie kwenye manila, herufi kubwa. Vijana wa nyuma Jumamosi wasije wakasingizia hawakuona."