Ombi la kuongezewa muda wa kuwasilisha ritani ya mapato ya mwaka 2023

Kigogo, Dar es Salaam
27 Mei 2024

Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
K.K. Meneja wa Mkoa wa Kodi Kinondoni,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: KUONGEZEWA SIKU 30 KUWASILISHA RITANI BAADA YA KUMBUKUMBU KUHARIBIWA NA MAFURIKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, duka langu liko Kigogo. Ritani yangu ya mwaka 2023 inatakiwa ifikapo 30 Juni 2024. Naomba niongezewe muda hadi 30 Julai 2024.

Usiku wa kuamkia 25 Aprili 2024 maji ya Mto Msimbazi yaliingia dukani yakafika usawa wa kaunta. Mafaili ya manunuzi yalikuwa shelfu ya chini. Asubuhi tuliyakuta yamelowa tope, kurasa za leja zimegandana, na tulipozianika juani zikachanika kila tulipojaribu kuzibandua. Risiti za EFD za wauzaji wangu zimebaki karatasi nyeupe; maandishi yake hufifia hata kwa kukaa muda mrefu tu, sembuse maji. Kompyuta nayo ilizama, na nakala ya mahesabu niliihifadhi humo humo. Hilo ni kosa langu, nimelirekebisha.

Mauzo hayana shida, kwa kuwa ripoti za Z za mashine yangu zilishafika kwenye mfumo wenu. Kilichopotea ni ushahidi wa manunuzi na gharama, kuanzia Machi hadi Desemba 2023. Nikiwasilisha sasa, itabidi nikisie, nami sitaki kusaini hesabu nisizoweza kuzithibitisha mbele ya mkaguzi.

Nimekwishaanza kuzikusanya upya. Taarifa za benki na za malipo ya simu za mwaka mzima ninazo. Kati ya wauzaji wangu wakubwa 11, saba wameshanipa nakala za ankara. Wanne waliobaki, akiwemo wa saruji ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, wameahidi kunipa kabla ya 20 Juni. Mhasibu wangu anahitaji wiki nne baada ya hapo kuandaa na kuthibitisha hesabu.

Naelewa kwamba ninachoomba ni muda wa kuwasilisha ritani, si wa kulipa kodi. Awamu zote nne za mwaka 2023 nililipa, na ya Machi 2024 pia. Ya Juni nitailipa kwa wakati.

Naambatanisha taarifa ya upotevu ya polisi, barua ya Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, picha sita za duka, nakala ya cheti cha TIN na stakabadhi za malipo ya awamu. Mafaili yaliyoharibika sijayatupa. Yako dukani, na afisa wenu anakaribishwa kuyaona siku yoyote ya kazi.

Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya 30 Juni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwanaidi S. Kibwana
Mmiliki wa biashara