ABS inafanya nini na haifanyi nini: maswali ya madereva wapya na majibu yake

Nimeyakusanya haya kwa ajili ya wanafunzi wa kozi ya jioni hapa Morogoro, nyie mnaomaliza lena na mwezi ujao mtakuwa barabarani wenyewe bila mwalimu pembeni. Wengi wenu mtaendesha IST, Vitz, Passo, Premio au Noah za kutoka Japani na nyingi zina ABS, na kila darasa nasikia mtu akisema "mwalimu hii ina ABS kwahiyo inasimama hapo hapo". Hapana jamani, haisimami hapo hapo. Someni taratibu, mtu akiwa na swali lingine aje nalo.

Mwalimu, ABS ni nini hasa?

Ni mfumo unaozuia tairi zisijam ukikanyaga breki kwa nguvu. Kila tairi ina sensa inayosoma inazunguka kwa spidi gani, taarifa zinaenda kwenye kompyuta ndogo, na kompyuta ikiona tairi moja inataka kusimama kuzunguka wakati gari bado inakwenda inaamrisha vali zipunguze presha ya breki kwenye tairi hiyo, ikianza kuzunguka tena inarudishiwa presha, inapunguzwa, inarudishwa, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa haraka ambayo mguu wa binadamu hauwezi. Teknolojia yenyewe sio ya jana, Bosch waliitoa ya kielektroniki mwaka 1978 na Mercedes-Benz wakaiweka kwenye S-Class.

Kwani tairi ikijam kuna ubaya gani, si ndio gari inasimama?

Hapa ndipo penyewe. Tairi iliyojam haigeuzi gari. Unaweza ukakata usukani mpaka mwisho, tairi za mbele zimegeuka kabisa, na gari bado inaenda moja kwa moja kule ilikokuwa inaelekea, kwasababu raba inaserereka tu juu ya lami, na ili tairi ikupeleke kushoto au kulia lazima iwe inazunguka. Zikijam za nyuma ni mbaya zaidi, matako ya gari yanataka kuja mbele na gari inazunguka. Kwahiyo ABS kazi yake kubwa ni kukuachia usukani. Unakanyaga breki mpaka mwisho na bado unaweza kumkwepa mtoto aliyeingia barabarani kufuata mpira. Ukiniuliza faida moja ya kukumbuka, ni hiyo, kusimama kwa umbali mfupi kunakuja baadaye na sio kila mahali.

Kwahiyo haipunguzi umbali wa kusimama?

Inategemea uko wapi. Kwenye lami yenye maji mara nyingi inapunguza, ukilinganisha na tairi zilizojam. Kwenye lami kavu tofauti ni ndogo. Kwenye changarawe, mchanga na rafu rodi inaweza KUONGEZA umbali, na hii nataka muielewe vizuri kwasababu nusu ya safari zetu zinaishia kwenye vumbi. Tairi ikijam kwenye kokoto inachimba na kukusanya rundo dogo mbele yake, lile rundo linasaidia kuisimamisha gari, sasa ABS haiachi tairi ijam kwahiyo lile rundo halijengeki. Alafu zile barabara zenye mawimbi mawimbi madogo, tairi inarukaruka, ikiwa hewani kidogo inajam mara moja, ABS inadhani mnateleza na inaachia breki, wewe unahisi gari haisimami kabisa. Sio kwamba imeharibika. Dawa ni mwendo, ukitoka kwenye lami kuingia vumbi punguza kabla, na muachie wa mbele yako nafasi kubwa kuliko uliyozoea.

Nikikanyaga kwa nguvu pedeli inatetemeka na kuna mlio wa kukwaruza, nimeharibu kitu?

Hujaharibu. Ile ni ABS inafanya kazi, ni pampu na vali zinafungua na kufunga, na mguu wako unazisikia kupitia pedeli. Watu wengi wakisikia hivyo mara ya kwanza wanashtuka wanaachia breki, na wanaachia wakati ule ule walipokuwa wanaihitaji kuliko siku zote. USIACHIE. Kanyaga kwa nguvu zako zote, endelea kukanyaga, kama ni gari ya manyuo kanyaga na klachi pia injini isizime, na macho yaangalie kule unakotaka kwenda, sio kule kwenye kitu unachokiogopa, maana mikono inafuata macho.

Baba alinifundisha kupampu breki, nikanyage niachie nikanyage niachie. Je?

Mzee alikufundisha vizuri kwa gari yake. Gari isiyo na ABS ndivyo ilivyo, unakanyaga, ukihisi tairi zimejam unalegeza kidogo, unakanyaga tena. Kwenye gari yenye ABS ukipampu unaipunguzia nguvu, kila ukiachia unampa mashine nafasi ya kutofanya kazi na gari inazidi kwenda. Kwahiyo kabla hujaondoka na gari ya mtu jua kwanza ina ABS au haina. Washa swichi bila kupiga stata, angalia dashibodi, itawaka taa ya njano yenye herufi ABS kwa sekunde chache alafu inazima. Haikuwaka kabisa? Ama gari haina ABS, ama balbu imekufa, ama kuna fundi ameitoa ili mnunuzi asiione. Chukulia haina mpaka uhakikishe.

Nikiwa na ABS naweza kukimbia kidogo zaidi?

Swali hili ndilo linaloniumiza. Tufanye hesabu. Ukiwa kilomita 80 kwa saa gari inakula kama mita 22 kila sekunde. Ukiona hatari, mpaka akili ijue na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja imekwenda, mita 22 zimekwenda na ABS bado haijaanza hata kazi. Baada ya hapo kwenye lami kavu na tairi nzuri unahitaji kama mita 35 nyingine. Jumla kama mita 57. Ukiwa 50, ambayo ndiyo spidi ya kwenye makazi, jumla yake inakuwa kama mita 28, nusu yake. Mvua ikinyesha ile 35 ya kwenye spidi 80 inaweza ikapita 60. ABS haiwezi kukurudishia hizo mita, haina mahali pa kuzitoa, kinachosimamisha gari mwisho wa yote ni raba inayoshika lami, na raba ina kiwango chake.

Ndio maana tairi kipara na ABS ni kama hamna ABS. Tena ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi, vumbi na oili zilizokaa juu ya lami zinakuwa utelezi, hapo hata tairi mpya inalalamika. Na maji yakiwa mengi barabarani na wewe unakimbia, tairi inapanda juu ya maji haigusi lami kabisa, sasa kompyuta itafanya nini, hamna cha kushika.

Kwenye kona je?

Ukiingia kona na mwendo uliopitiliza ABS haikuokoi. Itazuia tairi zisijam ukikanyaga breki lakini gari bado inaweza kutoka nje ya barabara, kwasababu tairi haina nguvu ya kutosha kugeuza na kusimamisha kwa pamoja kwa spidi hiyo. Kuna magari yana mfumo mwingine wa kuzuia gari isizunguke, huo unatumia sensa hizo hizo za ABS lakini ni kitu kingine, usidhani ukiwa na kimoja una vyote. Mwendo unapunguzwa kabla ya kona.

Na kukwepa nako kuna adabu yake. Usukani unao, ndio, ila ukiukata ghafla kwa mwendo mkubwa Noah inalala. Mkipita Mikumi pale hifadhini, swala akiruka barabarani kanyaga breki kwanza kwa nguvu, kwepa kidogo kama kuna nafasi, na usiingie upande wa lori linalokuja kwa ajili ya swala. Nampenda mnyama lakini uhai wenu kwanza.

Kushuka mlima mrefu?

Kitonga, Sekenke, milima ya namna hiyo, ABS haihusiki kabisa. Tatizo la pale ni joto. Ukishikilia breki muda mrefu pedi zinachemka, mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, unakanyaga pedeli inazama tu. Mfumo wa ABS unaigawa presha ya breki, kama presha yenyewe haipo hakuna cha kugawa. Shuka na gia ndogo, manyuo weka ya pili au ya tatu, oto weka L au 2 au B kutegemea gari yako, acha injini iibane gari, breki ukanyage kwa vipindi.

Hapo hapo niseme, mafuta ya breki yanavuta unyevu, yabadilishwe kila miaka miwili hivi. Ni gharama ndogo na watu hawafanyi.

Taa ya ABS imewaka na haizimi, niendelee na safari?

Ikiwa ni hiyo ya njano peke yake, breki za kawaida zipo, ila ABS imejizima. Unaendesha gari isiyo na ABS, yale ya mzee wako ya kupampu yanarudi. Endesha taratibu mpaka kwa fundi. Mara nyingi ni sensa ya tairi imejaa tope, au waya umekatika, hasa kama gari imetoka kubadilishwa beringi au imepita barabara mbaya. Ikiwaka njano NA nyekundu ya breki pamoja, simama sehemu salama, angalia mafuta ya breki, usiendelee. Na fundi akikwambia "hii taa haina shida nakutolea balbu", ondoa gari yako hapo.

Gari ya nyuma yangu je?

Swali zuri na wachache wanauliza. Wewe ukisimama vizuri, nyuma yako kuna bajaji isiyo na ABS au lori lililobeba tani kibao. Angalia kioo cha kati mara kwa mara ili ujue nani yuko mgongoni hata kabla ya hatari, ukiona kakusogelea sana mpe njia apite.

Bodaboda zina ABS?

Nyingi mnazoziona hapa mjini hazina. Tairi ya mbele ya pikipiki ikijam mtu anaanguka papo hapo, kwahiyo bodaboda mbele yako kwenye lami yenye maji usimbane, muachie nafasi.

Nitaijaribu wapi bila kuumiza mtu?

Jumamosi asubuhi tutaenda kwenye uwanja mpana usio na watu, kila mtu atakwenda kilomita 30 kwa saa alafu akanyage breki mpaka mwisho kwa mguu wake wote, mara moja kwenye sehemu kavu na mara moja kwenye sehemu tuliyomwagia maji, mkanda umefungwa na ndani ya gari hamna kitu kinachorukaruka. Nataka muusikie ule mtetemo mguuni mkiwa na mimi. Vaeni viatu vilivyofunga, ndala hapana.