Taarifa kwa wafanyakazi wote: habari za kupunguzwa kazini

Kutoka: Meneja Mkuu
Kwa: Wafanyakazi wote wa kiwanda, Pongwe, na wenzetu wa ghala la mjini Tanga
Tarehe: 4 Machi 2026

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Tangu wiki iliyopita kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ukisema watu 120 wataachishwa kazi mara baada ya Idi. Maneno hayo yanasemwa kwenye zamu, kwa mama lishe wa getini, na hata ndani ya daladala za Kange. Nimeulizwa na wengi, na wengine nimeona wanataka kuuliza wakasita. Naandika leo ili kila mmoja asikie jambo moja, kwa maneno yale yale, kutoka kwangu.

Hakuna uamuzi wowote uliofanyika wa kupunguza wafanyakazi. Idadi ya 120 haikutoka ofisini kwetu, na hakuna mtu aliyechaguliwa abaki au aondoke. Lakini biashara imebana kweli, na sitawaficha hilo.

Mteja wetu mkubwa wa nje, anayenunua kamba za kufungia marobota ya majani, ametuarifu kwamba kuanzia Aprili atachukua theluthi mbili tu ya mzigo aliokuwa akichukua. Sehemu iliyobaki atanunua kamba za plastiki kwa sababu ya bei. Ndiyo maana zamu ya usiku imesimama tangu katikati ya Februari, na ndiyo maana kazi za saa za ziada zimepungua. Mliona mabadiliko hayo kabla hamjaambiwa sababu, na naelewa kwa nini watu walijaza wenyewe maelezo yaliyokosekana. Hapa Tanga neno kupunguzwa lina uzito wake. Wengi wetu tuna wazazi au babu waliofanya kazi kwenye mkonge na wakaona mashamba yakifungwa moja baada ya jingine, kamba za plastiki ziliposhusha bei ya singa duniani. Hofu hiyo ina historia, na siichukulii kama uzushi wa wapiga soga.

Kuhusu orodha ya majina iliyoonekana kwenye meza ya uhasibu: ni ya wafanyakazi ambao majina yao ya NSSF hayalingani na yale ya kitambulisho cha NIDA. Aliyemo anatakiwa kupeleka nakala ya kitambulisho kwa ofisa utumishi ili michango yake isije ikaleta usumbufu mbele ya safari. Kuwemo humo hakuna uhusiano wowote na kubaki au kutobaki kazini. Kuanzia leo mchana orodha hiyo itabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila mtu aisome.

Makasha yaliyofika kutoka bandarini yana mashine mpya ya kuchana singa, badala ya zile mbili zilizochakaa. Mashine hii inahitaji watu wawili kwa zamu, wakati sasa tunatumia watatu. Huyo wa tatu atahamia kufungasha, ambako tumekuwa na upungufu tangu mwaka jana, na mshahara wake wa msingi hautashuka. Hilo nimeliandika na kulitia saini kwenye barua niliyowapa viongozi wa tawi la TUICO hapa kiwandani.

Lipo jambo moja limeniuma kuliko yote. Nimesikia kuna mtu anapita kwa wenzetu, hasa vibarua, akiahidi kuwaondolea majina kwenye orodha kwa malipo. Tafadhali, msimpe hata shilingi mia. Hakuna orodha ya kuondolewa jina, na hakuna mtu hapa, kuanzia mimi, mwenye ruhusa ya kuuza nafasi ya kazi. Aliyekwisha kutoa fedha aje aniambie mimi mwenyewe au aende kwa mwenyekiti wa tawi. Hataadhibiwa kwa kutoa fedha wala kwa kusema.

Sasa, mnataka kujua kama ajira zenu zina uhakika. Siwezi kuahidi kwamba hakuna atakayepoteza kazi mwaka huu. Ningependa kusema hivyo, lakini nikiahidi leo na Juni ikawa vingine, hamtaniamini tena, na mtakuwa na haki. Ninachoweza kuahidi ni kwamba kupunguza watu ni hatua ya mwisho, na kwamba hamtaisikia kwanza kwenye simu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha akae na chama cha wafanyakazi na wasiowakilishwa na chama kujadili sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua watu, muda na malipo. Yote hayo hufanyika kabla ya uamuzi. Wasipoafikiana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hatujatoa taarifa ya namna hiyo. Tukilazimika kufika huko, itabandikwa ubaoni kwa Kiswahili siku ile ile tutakayoikabidhi kwa tawi. Sheria hiyo inataja pia notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, malipo ya likizo isiyochukuliwa, usafiri kwa aliyeajiriwa kutoka mahali pengine, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, kwa aliyefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo. Nayataja kwa sababu nimesikia mtu akiambiwa ataondoka mikono mitupu.

Kwa sasa tumesimamisha kuajiri wapya na kusitisha ununuzi wa gari la ofisi. Timu ya mauzo inazungumza na wauzaji wa vifaa vya ujenzi wa Dar es Salaam na Arusha, kwa kuwa mafundi wa jipsamu wanatumia singa nyingi na hadi leo tumewauzia kidogo mno. Mkiniuliza mimi, hapo ndipo penye tumaini la karibu, ingawa hakutaziba pengo lote la Aprili. Mwenye wazo jingine alilete. Fundi anayesokota kamba kila siku huona upotevu ambao sisi wa ofisini hatuuoni.

Tutakutana Jumatatu, tarehe 9 Machi, kwenye ukumbi wa chakula: zamu ya asubuhi saa 8 mchana, na zamu ya jioni saa 7 mchana kabla ya kuingia kazini. Muda huo ni wa kazi na utalipwa. Tumeupanga hivyo ili waliofunga wawahi futari nyumbani. Mhasibu atakuwepo na hesabu za mauzo za miezi sita, na viongozi wa tawi watakaa meza moja nasi. Asiyependa kuuliza mbele za watu aandike swali bila jina, alitie kwenye sanduku la maoni kabla ya Jumapili jioni. Yote yatasomwa kwa sauti, na yatakayokosa jibu siku hiyo yatabandikwa ubaoni pamoja na tarehe ya kujibiwa.

Mshahara wa Machi utalipwa mapema, tarehe 18, kwa ajili ya sikukuu. Wenzetu wa ghalani watafuatwa na basi la kampuni saa 6 mchana siku ya mkutano.

Meneja Mkuu