Kondomu Imepasuka? Soma Kadi Hii Kwanza

Kondomu imepasuka, umesahau vidonge vyako, tarehe ya sindano imepita, au umelazimishwa. Mimba bado inaweza kuzuiwa, lakini usingoje kupambazuke ukiwa unaweza kupata dawa sasa.

P2 ndani ya saa 72
P2 ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Kadiri unavyoimeza mapema ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Kama ngono ilikuwa Ijumaa saa nne usiku, saa 72 zinaisha Jumatatu saa nne usiku. Pakiti ikiwa na vidonge viwili, vimeze vyote kwa pamoja. Siku ya nne na ya tano inaweza kusaidia, ila nguvu yake imepungua. Ukitapika ndani ya dakika 120 baada ya kuimeza, meza dozi nyingine.

Wanawake 100 wakiimeza kwa wakati, mmoja au wawili hivi hushika mimba. P2 huchelewesha yai kutoka. Yai likishatoka, haisaidii sana. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, na si kweli kwamba inaharibu kizazi. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu uvumi huo umewafanya wasichana wengi kuogopa dawa salama.

Kinga iliyo bora kuliko zote ni koili ya shaba, ikiwekwa na mhudumu ndani ya siku 5. Huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, na unaweza kuendelea nayo kwa miaka. Iulizie hasa kama una uzito mkubwa, au unatumia dawa za kifafa, za TB au efavirenzi, kwa kuwa P2 hupungua nguvu. Mwambie mhudumu dawa unazotumia.

Baada ya kumeza
Kichefuchefu, kichwa kuuma, uchovu, matiti kuuma au matone ya damu huisha baada ya siku chache. Hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa. Ikichelewa zaidi ya siku 7, au wiki 3 zikipita bila hedhi, pima mimba. Maumivu makali chini ya tumbo, hasa ya upande mmoja, ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

P2 haikulindi ukifanya ngono tena kesho. Anza njia yako ya kawaida sasa, na tumia kondomu siku 7 za mwanzo.

Virusi na magonjwa ya zinaa
P2 haiyazuii. Kama una wasiwasi kuhusu Virusi vya Ukimwi, omba PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi hivyo, ndani ya saa 72. Ikiwa ulilazimishwa, si kosa lako: nenda hospitali mara moja, ikiwezekana kabla ya kuoga, au piga 1195 bila malipo, usiku na mchana, popote Kenya.

Kliniki ya wanafunzi, chumba nambari 4, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Njoo peke yako au na rafiki. Hatumwambii mzazi wala mwalimu.